Mkutano wa Wazazi Umesogezwa: Barua Iandikwe Lini, na Iseme Nini

Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 2024, shule za Kenya zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili. Masanduku ya wanafunzi wa bweni yalikuwa yamefungwa, nauli imeshatafutwa, na wengine walikuwa tayari wako njiani, Wizara ya Elimu ilipotangaza alfajiri ya siku hiyohiyo kwamba ufunguzi umesogezwa mbele kwa wiki moja, hadi Jumatatu tarehe 6 Mei. Sababu ilikuwa mafuriko. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, alieleza kuwa mvua imeharibu shule nyingi na kwamba kuwaita watoto madarasani kungehatarisha maisha yao. Ijumaa tarehe 3 Mei, Rais William Ruto akaahirisha tena ufunguzi, safari hii bila kutaja siku. Jumatano tarehe 8 Mei akatangaza kwamba shule zitafunguliwa Jumatatu tarehe 13. Wiki hiyohiyo Ijumaa tarehe 10 Mei ikafanywa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti na kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko.

Kwa mwalimu mkuu aliyekuwa ameshawaandikia wazazi kuwaita mkutanoni, siku hizo zilikuwa mtihani mgumu. Kila tangazo la serikali liliangusha tarehe moja na kusimamisha nyingine, na wazazi wakawa wanapiga simu kuuliza swali lilelile: tuje au tusije?

Barua ya kubadilisha tarehe ya mkutano wa wazazi na walimu huonekana kazi ya dakika kumi. Mtu huchukua barua ya zamani, hufuta tarehe, huandika nyingine, hupiga mhuri, basi. Ndiyo maana hukosewa mara nyingi. Shule inapofungwa ghafla, barua hiyo inabeba kazi mbili zisizofanana, na kila moja ina wakati wake. Kazi ya kwanza ni kumzuia mzazi asitoke nyumbani kuja kwenye mkutano ambao haupo. Ya pili ni kumpa siku mpya ambayo haitavunjika. Mwenye kuzifanya zote mbili kwa pamoja, siku ileile shule inapofungwa, hujikuta akiandika barua ya tatu na ya nne, na kila barua inayofuata husomwa na wazazi wachache kuliko iliyotangulia.

Tuchukue mfano. Ni shule ya msingi ya kutwa jijini Nairobi, si mbali na Mto Mathare. Shule yenyewe ni ya kutunga, ila tarehe zake zote ni za mwaka huo wa 2024. Kabla ya likizo ya Aprili, mwalimu mkuu aliwatumia wazazi wa Gredi ya Nne barua ya kuwaalika Ijumaa tarehe 10 Mei, saa mbili asubuhi, wakutane na walimu wa madarasa, wapokee ripoti za muhula wa kwanza na wazungumzie maendeleo ya watoto. Kisha mto ukafurika.

Tangazo la 29 Aprili lilipotoka, kishawishi kilikuwa kikubwa. Shule zitafunguliwa tarehe 6, mkutano ni tarehe 10, kwa hiyo upo palepale. Au kwa usalama usogezwe hadi tarehe 17. Hesabu ni sahihi, lakini msingi wake ni tarehe ambayo shule haina uwezo nayo. Aliyeifunga shule ni wizara, na anayejua itafunguliwa lini, kama yuko anayejua, ni wizara hiyohiyo. Siku nne baadaye tarehe 6 Mei ilikuwa imefutwa. Ndivyo ilivyokuwa Tanzania mwaka 2020 pia. Tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30 kutokana na korona. Aliyehesabu siku 30 kwenye kalenda na kuwaita wazazi katikati ya Aprili alilazimika kufuta tena, kwa sababu wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufuta tu, bila kutoa tarehe mpya. Wakuu wengi wa shule hawapendi kufanya hivyo. Wanaona barua isiyo na tarehe haijakamilika, kwamba mzazi atadhani shule haijui inachofanya. Lakini mzazi ambaye maji yameingia nyumbani kwake hasubiri ratiba. Anachotaka kujua ni kama anatakiwa mahali fulani Ijumaa. Akiambiwa hatakiwi, na kwamba ataarifiwa shule ikifunguliwa, amepata kila alichohitaji kwa siku hiyo.

Tatizo la pili ni njia. Barua ya shule Afrika Mashariki husafiri kwenye mkoba wa mtoto. Mwalimu huigawa kabla ya kengele ya mwisho, mtoto huikunja ndani ya daftari, na jioni ikibahatika humfikia mama. Shule ikifungwa mjumbe huyo hayupo, kwa hiyo ufutaji hauwezi kuwa barua ya karatasi. Inabidi uwe ujumbe mfupi wa simu, kisha kundi la WhatsApp la darasa, kisha matangazo ya mdomo kwa chifu, kwa wazee wa Nyumba Kumi, kanisani na msikitini. Kuanza na ujumbe mfupi wa simu kuna sababu yake: unafika kwenye simu ya kitochi, hauhitaji bando, na humsubiri mtu hadi atakapopata mahali pa kuchaji.

Katika shule ya mfano wetu ujumbe ungekuwa hivi:

"Mkutano wa wazazi Gredi 4 wa Ijumaa 10 Mei HAUPO. Tarehe mpya itatoka shule ikifunguliwa. Usitoke nyumbani kuja shuleni siku hiyo. Mwl. Mkuu"

Ujumbe huu haufiki herufi 160 ukihesabu na nafasi, na idadi hiyo ina maana, kwa kuwa ndiyo ukomo wa ujumbe mmoja wa simu. Ukizidi, hukatwa vipande na shule inayotuma kwa mamia ya wazazi hulipia kila kipande. Kiswahili kina bahati hapa, maana herufi zake zote zimo katika orodha ya kawaida ya simu. Mtego upo mahali pamoja tu. Ujumbe ukiandikwa kwanza kwenye kompyuta, ile alama ya juu katika maneno kama "ng'ambo" huweza kugeuzwa kuwa ya kupinda. Alama ya kupinda haimo katika orodha hiyo, na kwa sababu ya alama hiyo moja ukomo wa ujumbe wote hushuka hadi herufi 70. Karani wa shule anayeshangaa kwa nini ujumbe mfupi umelipiwa mara tatu aanze kutafuta hapo.

Neno HAUPO limetangulia taarifa nyingine zote kwa makusudi. Ujumbe unaoanza na salamu, pole za mafuriko na maelezo ya agizo la wizara huonyesha maneno hayo tu kwenye kioo cha simu kabla haujafunguliwa, na wengi hawafungui. Pole zina nafasi yake, na zitakuja kwenye barua.

Sasa tusogee hadi Jumatano tarehe 8 Mei, siku ya tangazo la kufunguliwa kwa shule. Hapo ndipo kazi ya pili inaanza, na bado haianzi kwa kuandika. Inaanza kwa kuchagua siku.

Wiki ya kwanza, kuanzia tarehe 13 Mei, haifai. Walimu bado wanahesabu waliorudi na wasiorudi, madarasa mengine yana tope, na katika maeneo yaliyofurika kuna shule ambazo familia zilizohamishwa zilikuwa zimejihifadhi ndani yake. Mkutano wa wiki hiyo ungekuwa na walimu wasio na majibu. Mwisho wa mwezi nao una mitego. Jumamosi tarehe 1 Juni ni Madaraka, na ratiba zilizotengenezwa haraka hupenda Jumamosi bila kuangalia sikukuu. Inabaki wiki ya tarehe 20 hadi 24 Mei.

Katika wiki hiyo pia siku hazilingani. Ijumaa mchana huwagonganisha wazazi Waislamu na sala. Jumamosi huwafungia nje Wasabato, na katika shule za Kisii au Nyamira hilo si jambo la watu wawili watatu. Jumatatu ni siku ambayo mwenye kibarua hawezi kuomba ruhusa. Kisha kuna saa. Ule mkutano wa kwanza ulikuwa saa mbili asubuhi, muda unaompendeza mwalimu na kumwumiza mama mboga, ambaye wakati huo ametoka Marikiti na mzigo na anaupanga kibandani. Saa nane mchana biashara yake imelala kidogo kabla ya wateja wa jioni. Kwa shule ya mfano wetu, Alhamisi tarehe 23 Mei saa nane mchana ndiyo siku yenye vizuizi vichache. Siku inayomfaa kila mtu haipo, na barua inapaswa kumwachia nafasi yule ambaye haitamfaa.

Tarehe ikishapatikana, naibu wa mwalimu mkuu aiulizie kwa watu wawili kabla haijaandikwa popote: mwenyekiti wa chama cha wazazi, na mwalimu wa darasa anayehusika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kila shule iwe na chama cha wazazi chenye kila mzazi wa mwanafunzi na mwakilishi wa walimu, kwa hiyo mwenyekiti si mgeni katika jambo hili. Mara nyingi yeye ndiye atakayesema kwamba siku hiyo kuna mazishi ya mtu wa mtaa, au kwamba barabara ya upande wa mto bado haipitiki.

Ndipo barua iandikwe. Hii hapa, kama ingeweza kutoka shuleni humo Jumatatu tarehe 13 Mei, siku ya kwanza ya watoto kurudi, ili ipate siku kumi kamili kabla ya mkutano:

13 Mei 2024

Kwa Mzazi au Mlezi wa mwanafunzi wa Gredi ya Nne,

KUH: MKUTANO WA WAZAZI SASA NI ALHAMISI, 23 MEI 2024, SAA NANE MCHANA

Mkutano huu ulikuwa ufanyike Ijumaa, 10 Mei 2024. Haukufanyika kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa kutokana na mafuriko. Barua ya Aprili iliyotaja tarehe 10 Mei haitumiki tena.

Tunawapa pole wote waliopoteza mali au kuhama makazi yao. Mtoto asiye na sare au vitabu kwa sababu ya mafuriko aje shuleni hivyohivyo.

Mkutano utakuwa katika darasa la mtoto wako, kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri. Tutakupa ripoti ya muhula wa kwanza, tutaeleza jinsi ya kufidia masomo ya wiki mbili zilizopotea, na tutazungumzia njia salama za watoto kuja shuleni. Hakutakuwa na mchango wa pesa.

Kama huwezi kufika siku hiyo, weka alama katika kipande cha chini, nasi tutakupangia kuonana na mwalimu wa darasa siku nyingine. Tafadhali kikate, utie sahihi na umpe mtoto akirudishe kabla ya Ijumaa, 17 Mei.

Wako,
Mwalimu Mkuu

Sentensi chache humo zinastahili kutazamwa kwa karibu.

Kichwa cha barua kimebeba jina la siku, tarehe, mwezi na saa. Mzazi akisoma mstari huo peke yake kisha akaiweka chini barua, ataweza kufika. Vichwa kama "Mabadiliko ya Ratiba" humlazimisha kuitafuta habari ndani ya aya. Jina la siku limewekwa pamoja na tarehe ili kimoja kihakikishe kingine, na hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote hutokea: mtu hubadilisha tarehe akasahau siku. "Ijumaa, 23 Mei" ingekuwa barua yenye mikutano miwili, kwa sababu nusu ya wazazi wangeshika Ijumaa na nusu wangeshika 23. Aliyeandika asijihakiki mwenyewe kwa kosa hili, maana jicho lake linaona alichokusudia. Ampe mwenzake barua na kalenda ya ukutani.

Saa imeandikwa kwa maneno, "saa nane mchana". Shule nyingi huandika kwa tarakimu, na tarakimu zina hatari ya pekee kwetu. Simu na saa za mkononi huonyesha 2:00 wakati midomo yetu inasema saa nane. "Saa 8" ikiachwa bila neno la mchana au asubuhi, mmoja atakuja watoto wakiwa mstarini asubuhi na mwingine atakuja baada ya chakula cha mchana. Kuandika kwa maneno na kutaja kipindi cha siku kunauondoa utata wote, na kunaongeza maneno mawili tu kwenye barua.

Tarehe ya zamani imetajwa waziwazi na kuondolewa. Wapo wanaoogopa kwamba kuitaja kutamchanganya mzazi. Kinachomchanganya zaidi ni barua mbili mezani, zote na mhuri wa shule, zenye tarehe mbili, na hakuna iliyosema lolote kuhusu mwenzake. Kwa sababu hiyohiyo tarehe ya zamani isakwe kila ilipobandikwa: tangazo la langoni, ubao wa ofisi, shajara za watoto, ujumbe uliopachikwa juu ya kundi la WhatsApp. Ule wa WhatsApp husahaulika kuliko yote, na ndio unaoonekana wa kwanza kila mtu anapofungua kundi.

Sentensi ya mchango wa pesa ni ndogo, na inaleta watu. Mtaani barua ya shule mara nyingi huleta habari ya kulipa kitu. Mzazi aliyepoteza godoro na jiko wiki mbili zilizopita ataiona barua, atahisi kinachokuja na hatakwenda. Kama shule kweli haitaki pesa, iseme. Kama inataka, mkutano huu sio wa kuzitafuta.

Na anwani imesema "Mzazi au Mlezi". Baada ya mafuriko baadhi ya watoto walikuwa wamepelekwa kwa nyanya, shangazi au jirani. Barua inayosema mzazi peke yake humfanya nyanya adhani haimhusu, aihifadhi vizuri kabatini akimsubiri mama mtu arudi.

Ipo pia hoja ya lugha. Shule nyingi za Kenya huandika barua zake kwa Kiingereza kwa mazoea. Pale ambapo mzazi hakisomi vizuri, barua husomwa na mtoto, na mtoto wa miaka kumi anayetafsiri barua inayotaja ripoti yake mwenyewe ana sababu za kuruka baadhi ya sentensi. Barua ya Kiswahili cha kawaida, ya ukurasa mmoja, inamwondoa mtoto katikati.

Kilichobaki ni kipande cha chini. Kinatenganishwa na barua kwa mstari wa vitone, na kina jina la mwanafunzi, darasa, visanduku viwili vya "Nitakuja" na "Siwezi siku hiyo", nafasi ya namba ya simu inayotumika sasa, na sahihi. Nafasi ya simu ndiyo yenye thamani kubwa katika kipindi hiki. Watu walipoteza simu majini au walibadilisha laini, na ule ujumbe wa kufuta mkutano uliotumwa mwanzoni mwa Mei huenda ulikwenda kwenye namba zisizopokea. Kila kipande kinachorudi kinarekebisha orodha ya darasa.

Mwalimu wa darasa huvipokea asubuhi anapoita majina na kuweka alama ya pili mbele ya jina la kila mtoto aliyeleta. Ijumaa mchana, tarehe 17, anatazama safu hiyo. Tuseme watoto 48 wameleta kati ya 61. Waliobaki ni 13, na hao ndio kazi yake ya wiki inayofuata. Asiwapelekee tena barua ileile, maana imeshashindwa. Kwanza awatenge: nani anahudhuria masomo lakini hajaleta kipande, na nani hajaonekana darasani tangu shule ifunguliwe. Wa kundi la kwanza wapigiwe simu, au mtoto wa jirani atumwe mlango kwa mlango na mzee wa Nyumba Kumi. Wa kundi la pili hawahusu mkutano tena. Mtoto ambaye hajarudi siku tano baada ya shule kufunguliwa huenda amehamishwa na familia yake, yumo katika kambi ya waathirika, au ameanza kufanya kazi. Jina lake linapaswa kufika kwa mwalimu mkuu na kwa chifu siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe 23.

Siku moja kabla ya mkutano, Jumatano tarehe 22 jioni, unatumwa ujumbe mfupi wa mwisho kwa namba zilizorekebishwa: siku, saa, darasa. Hauongezi jambo jipya. Waliotia alama "Siwezi siku hiyo" hawatumiwi huo. Wao hupokea wa kwao, wenye siku na saa ya kuonana na mwalimu wa darasa wiki inayofuata, dakika kumi na tano kwa kila mmoja, na ripoti ya mtoto ikiwa imetengwa ndani ya bahasha yenye jina lake.